Kisangani: Muuzaji wa tiketi anayelipa zawadi ndogo bado anaweza kuwa mwizi

Jackpoti ya Powerball ya Marekani inapopanda hadi mamia ya mamilioni ya dola, habari hiyo haichukui muda kufika Makiso, Mangobo hata Lubunga ngʼambo ya mto. Inakuja kwenye simu, ikiwa na picha ya mipira yenye namba na maneno machache: tuma dola tatu kwa numero hii, chagua namba zako, ndugu yetu aliye Amerika atakununulia tiketi.

Mtu mwangalifu atauliza kwanza kama kuna aliyewahi kulipwa. Mara nyingi jibu lipo. Katika kikundi kilekile cha WhatsApp kuna mama aliyepokea dola nne, na kijana aliyepokea saba. Wote wawili wanasema kweli, pesa waliipata kwenye simu zao. Basi mtu anatulia na kutuma zake.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Muuzaji aliyelipa dola nne hajathibitisha kwamba alinunua tiketi. Amethibitisha tu kwamba alikuwa na dola nne. Kwa nini iwe hivyo, na ni kitu gani basi kinachothibitisha? Hesabu ya mchezo wenyewe inatoa jibu.

Hesabu ya mwizi

Tuchukue mfano wa muuzaji mmoja mwenye wateja 60. Kila mmoja anamtumia dola 3 kwa kila droo, au tiraji kama wengi wanavyosema. Tiketi ya Powerball huuzwa dola 2 Marekani, kwa hiyo dola moja inayobaki inaonekana kuwa faida ya halali ya kazi yake. Muuzaji huyu anakusanya dola 180.

Kama ni mwaminifu, dola 120 zinaenda kununua tiketi, naye anabaki na 60, ambazo atagawana na yule ndugu anayesimama kaunta huko Marekani. Kama ni mwizi, hanunui kitu. Dola zote 180 zinabaki mfukoni mwake, naye anasubiri namba zitoke kama wateja wake wanavyosubiri.

Nafasi ya tiketi moja ya Powerball kupata zawadi yoyote ni karibu 1 kati ya 25. Katika wateja 60, basi, kwa wastani wawili au watatu watakuwa na kitu. Lakini karibu zawadi zote hizo ni za dola 4, ile ndogo kuliko zote. Mara chache inatokea ya dola 7. Kwa hiyo kwa kila droo mwizi anatoa dola kama kumi hivi, na zaidi ya 165 zinabaki kwake. Kulipa kwake kunamsaidia kuliko tangazo lolote, kwa sababu waliolipwa ndio watakaowaita majirani.

Itakuwaje mteja akipata zawadi ya dola 100? Kwa watu 60 na droo tatu kwa wiki, jambo hilo linatokea kwa wastani mara moja tu katika muda unaozidi mwaka mmoja. Mwizi mwenye akili atalipa hata hiyo, kwa kuwa wiki hiyohiyo amekusanya zaidi ya dola 500. Zawadi atakayoshindwa kulipa ni ile inayofuata, ya dola 50,000. Nafasi yake ni 1 kati ya 913,129. Kwa wateja wale 60, wakicheza kila droo bila kukosa, itatokea kwa wastani mara moja katika zaidi ya miaka 90.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuuza tiketi zisizokuwepo kwa miaka mingi, akalipa kila zawadi kwa wakati, na asigunduliwe na mteja hata mmoja. Wateja wanaona wamepoteza kama watu wote wanavyopoteza kwenye bahati nasibu. Hawajui kwamba hawakuwahi kuingia mchezoni, na kwamba kama namba zao zingetoka zote, hakuna popote ambapo zingekuwa zimeandikwa.

Wakongomani wenye umri wanaikumbuka Bindo Promotion, mpango uliokusanya pesa za watu Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ahadi ya kuzirudisha mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, kisha mwaka 1991 ukaanguka na kuacha watu mikono mitupu. Mwizi wa tiketi naye anawalipa wachache kwa pesa za wengi. Lakini kuna tofauti inayofaa kuangaliwa. Bindo ilibidi ianguke, maana iliahidi faida kwa kila mmoja. Mwizi wa tiketi hajaahidi faida kwa yeyote, ameahidi nafasi tu. Ndiyo sababu kungoja aanguke ndipo ujue ni kungoja bure.

Tiketi iliyokuwepo kweli

Kununua tiketi ya nchi nyingine kupitia mtu wa kati si lazima kuwe wizi. Mwezi wa Agosti 2015, mtu mmoja wa Baghdad, Irak, alishinda dola milioni 6.4 katika bahati nasibu ya jimbo la Oregon, Marekani, naye hajawahi kukanyaga huko. Alikuwa amelipa kupitia mtandao wa theLotter. Alisafiri hadi Oregon, na baada ya uchunguzi wakuu wa bahati nasibu ya jimbo walimlipa.

Walimlipa kwa sababu gani? Kwa sababu tiketi ilikuwepo. Wakala alikwenda katika duka linaloruhusiwa kuuza ndani ya Oregon, akainunua, mashine ikaichapa kabla ya droo, na kompyuta ya bahati nasibu ikaiandika. Karatasi ikahifadhiwa hadi mwenyewe alipofika. Kila hatua ingeweza kukaguliwa na mtu asiyekuwa muuzaji. Hicho ndicho mteja wa Kisangani anapaswa kukitafuta: alama iliyobaki mahali ambapo muuzaji hawezi kuigusa.

Kuna pia aina ya pili ambayo inawachanganya wengi. Kampuni kama Lottoland hazinunui tiketi ila zinapokea ubashiri juu ya namba zitakazotoka. Mteja akishinda, kampuni yenyewe ndiyo inayolipa, si bahati nasibu. Mwaka 2018 mwanamke mmoja wa Berlin alishinda euro milioni 90 kwa njia hiyo, na Lottoland ikalipa. Hata hivyo Australia ilipiga marufuku biashara ya aina hiyo kuanzia mwaka 2019. Kampuni yenye leseni na bima inaweza kubeba deni kama lile. Numero ya simu isiyo na ofisi haiwezi. Kwa hiyo muuzaji akiulizwa tiketi iko wapi, akajibu kwamba "tiketi haina kazi, mimi mwenyewe nitakulipa", amekwisha kusema kwamba hanunui kitu, na zawadi yako haiwezi kuzidi kilichomo mfukoni mwake.

Mawakala waliopo Marekani nao si wote wanaokubaliwa kila jimbo. Mwaka 2025 Texas ilipiga marufuku mawakala wanaonunua tiketi kwa niaba ya watu kupitia mtandao. Mtu anayesema leo kwamba biashara yake yote inapita kwa wakala rasmi wa Texas ana swali la kujibu.

Saa inasema mengi

Jambo rahisi la kukagua, lisilohitaji hata megabaiti moja, ni saa. Droo ya Powerball inafanyika Marekani Jumatatu, Jumatano na Jumamosi usiku, saa nne na dakika 59 kwa saa za mashariki ya nchi hiyo. Kisangani wakati huo ni alfajiri ya siku inayofuata, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Sehemu kubwa ya mwaka inakuwa saa kumi na moja kasoro dakika moja. Wakati wa baridi kule Amerika inasogea hadi saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Na mauzo ya tiketi yanafungwa mapema zaidi, takriban saa moja au mbili kabla ya droo kulingana na jimbo.

Kwa hiyo picha ya tiketi inayofika "kesho asubuhi" watu wakiwa kwenye chai imefika baada ya namba kutoka. Picha hiyo haina thamani yoyote, hata kama tiketi inayoonekana ni ya kweli. Mwizi anayechelewesha picha anajipa nafasi ya kujua kwanza nani ameshinda. Akiona hakuna aliyeshinda kitu kikubwa, anawatumia wote picha za kuwatuliza.

Picha inayofaa ni ile iliyofika kwenye simu ya mteja kabla ya wanaolala hawajaamka. Saa iliyoandikwa na WhatsApp kando ya ujumbe ndiyo shahidi, si saa iliyochapwa ndani ya picha, kwa sababu ndani ya picha mtu anaweza kuandika anachotaka. Picha isipofika kabla ya droo, mteja adai pesa yake irudi, bila kungoja matokeo.

Muuzaji asiyefunga mlango pia anajifichua. Anayenunua tiketi kweli lazima awe na saa ya mwisho ya kupokea pesa, kwa sababu ndugu yake anahitaji muda wa kwenda dukani na kupiga picha. Anayepokea pesa hadi dakika ya mwisho, wakati maduka kule yamekwisha kufunga mauzo, hana duka analokwenda.

Kusoma picha ya tiketi

Tiketi ya kweli iliyochapwa na mashine haina namba za kucheza peke yake. Ina tarehe ya droo, bei iliyolipwa, msimbo wa mistari au wa mraba unaosomwa na mashine, na numero ndefu ya tiketi ambayo haijirudii kwenye tiketi nyingine yoyote. Picha iliyokatwa ili numero hiyo au msimbo usionekane ni sawa na kutopewa picha.

Lakini kuonekana kwa vitu hivyo vyote hakutoshi. Kuna njia mbili za udanganyifu ambazo jicho peke yake haliwezi kuzigundua.

Ya kwanza ni kubadilisha namba. Muuzaji anachukua picha ya tiketi halisi ya mtu mwingine, anafuta namba zake na kuweka zile ulizochagua wewe. Majimbo mengi ya Marekani yana programu rasmi ya simu inayosoma msimbo wa tiketi na kusema kama imeshinda. Ndugu au rafiki aliye katika jimbo lilelile anaweza kuukagua msimbo wa picha yako. Ukisomeka kuwa wa droo iliyokwisha kupita zamani, au programu isipoutambua kabisa, mambo yamekwisha.

Ya pili ni ngumu zaidi, maana tiketi ni ya kweli na namba hazikuguswa. Muuzaji amenunua tiketi moja kwa dola 2, akaituma kwa watu kumi, kila mmoja akiamini ni yake. Ujanja huu unawezekana hasa pale muuzaji anaposema namba zitachaguliwa na mashine, kwa sababu hakuna mteja anayetarajia namba fulani. Dawa yake ni wateja kuzungumza wao kwa wao. Wanachama wanne au watano wa kikundi, nje ya kikundi cha muuzaji, walinganishe numero za tiketi zao. Wasitumiane picha nzima, waandike tarakimu chache za mwisho tu, kusudi mtu asipate ya kughushi. Tarakimu zikifanana kwa watu wawili, kuna tiketi moja iliyouzwa mara mbili. Na muuzaji anayefunga kikundi ili yeye peke yake aweze kuandika ameondoa nafasi ya ukaguzi huo kufanyika hapo.

Hata ukaguzi wote ukipita, kikomo kimoja kinabaki. Tiketi ya karatasi ni kama noti ya benki, na asiyekuwa nayo mkononi ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba ni yake. Ndugu aliye Amerika akishika tiketi ya dola milioni moja, mteja wa Mangobo anategemea moyo wa mtu huyo. Powerball haiuzwi Kongo. Inauzwa katika majimbo 45 ya Marekani, mji wa Washington, Puerto Riko na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Hakuna basi ofisi ya Powerball Kisangani ambapo mteja angeweza kudai haki yake. Anayecheza kwa njia hii ajue kwamba anacheza bahati mara mbili: moja juu ya namba, nyingine juu ya mtu.

Tiketi za hapa mjini

Kwa michezo inayouzwa ndani ya nchi, ukaguzi ni mwepesi zaidi. Jina la dola katika bahati nasibu ya Kongo ni SONAL, shirika la taifa, na kuna kampuni za ubashiri zenye vibanda na mashine zao mjini. Mahali penye mashine, tiketi inachapwa mbele ya mteja, pesa na karatasi zikipishana mkononi. Anayetembea sokoni au kando ya vituo vya toleka akiandika namba kwenye daftari, akisema karatasi italetwa jioni, hajauza tiketi bado. Amepokea pesa tu.

Njia bora ya kuhakikisha ni kibanda cha pili. Chukua karatasi yako kabla ya droo au kabla ya mechi kuanza, uipeleke kwenye kibanda kingine cha kampuni ileile, uombe waisome kwenye mashine. Tiketi iliyoingia kwenye mfumo itaonekana popote penye mfumo huo. Tiketi inayotambuliwa na muuzaji mmoja peke yake ni karatasi ya muuzaji huyo, si ya kampuni.

Pesa inapopita kwa simu

Katika M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ujumbe wa kuthibitisha malipo unaonyesha jina lililoandikishwa kwa numero iliyopokea. Jina hilo lisomwe kwa makini. Muuzaji anayejiita kampuni huku pesa zikiingia kwa jina la mtu binafsi, na wiki inayofuata kwa jina la mtu mwingine, hana kampuni. Ujumbe huo usifutwe, kwa sababu una numero ya malipo, tarehe na saa.

Kuna wizi mwingine unaowangoja waliokwisha kuibiwa. Mteja anaambiwa ameshinda kiasi kikubwa, ila atume kwanza dola 50 za kodi au za "kufungua faili". Bahati nasibu ya Marekani haimwombi mshindi atume kodi kwa simu. Mshindi wa zawadi kubwa hukatwa kodi kwenye zawadi yenyewe kabla ya kukabidhiwa. Anayeomba pesa ili atoe pesa hana ya kutoa.

Aliyegundua mapema kwamba ametapeliwa apige simu kwa huduma ya wateja ya kampuni yake ya simu saa ileile. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi ya kuizuia, lakini ikishatolewa kwa wakala haizuiliki tena kwa njia hiyo. Hatua inayofuata ni kwa OPJ au parke, na mashtaka yana jina. Kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu ya Kongo kinaadhibu utapeli, eskrokri kwa lugha ya mahakama, kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano pamoja na faini.

Kesi ya mtu mmoja aliyepoteza dola 3 ni ngumu kuipeleka mbali, na mwizi anajua hivyo. Kesi ya watu 20 waliokuja pamoja, kila mmoja na ujumbe wake wa malipo, picha yake ya tiketi na saa iliyofika, ni kitu kingine. Picha 20 zenye numero moja ya tiketi hazihitaji maelezo mengi mbele ya OPJ. Na wasiopewa picha yoyote wanaweza kuuliza swali moja ambalo muuzaji mwaminifu hulijibu kwa karatasi: tiketi ya droo ile ilinunuliwa duka gani, saa ngapi, na numero yake ni ipi?